Ufunguo niliupoteza mimi, ila aliyenimalizia ni mtu wa huduma kwa wateja

Naandika nikiwa na hasira zangu, mnivumilie. Hii hifadhi ya mtandaoni ni ya wale wanaofunga mafaili kwenye kifaa chako kabla hayajapanda, yaani hata wenyewe hawawezi kuyasoma. Niliisifia mpaka ndugu zangu wawili wakajiunga.

Sasa juzijuzi nimebadili simu, paswedi nimeisahau, na yale maneno 24 ya kurejeshea waliyonipa siku ya kwanza niliyapiga skrinshoti, na skrinshoti iko wapi? Humohumo ndani. Chekeni tu.

Lakini kompyuta yangu ya zamani ilikuwa bado imo kwenye akaunti, picha zote zinafunguka! Nikawaandikia, na yule jamaa hata hajauliza kama kuna kifaa kilichobaki wazi, kanijibu kwa mkato: "Ndugu mteja, toka kwenye vifaa vyote kisha badili paswedi kwa barua pepe." Nikatii kama mtoto, nikatoka.

Akaunti ikafunguka freshi, jina langu lipo, nafasi iliyotumika ni ileile, ila kila faili lina alama ya kufuli. Nikipakia picha mpya inafunguka, za zamani zimegoma.

Nikawaka. Akaja mwingine, huyu angalau alieleza. Paswedi ya zamani ndo inazalisha ufunguo wa kufungulia ufunguo mkuu, na ufunguo mkuu ndo unafungua mafaili. Wao kwenye seva wamekaa na kasha lililofungwa, paswedi yenyewe haijawahi kuwafikia. Barua pepe inathibitisha tu kwamba mimi ni mimi, haifungui kitu, kwa hiyo paswedi mpya ikaja na ufunguo mkuu mpya na ule wa zamani ukabaki kwenye kasha lake. Na nakala pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kwenye ile kompyuta, ikafutika pale nilipotoka! Ningeshusha kwanza mafaili yote kwenye diski, saa hizi nimelala.

Nikawaambia basi bahatisheni. Akasema maneno yanatoka kwenye orodha ya 2048, ungekosa moja na nafasi yake unaijua, unajaribu hayo 2048 yanaisha. Mimi nimekosa yote 24, hapo hakuna kompyuta itakayomaliza.

Nikaweka nyota moja. Baadaye nikawaza, wangeweza kunirudishia si ina maana siku zote wangeweza kunichungulia? Nikapandisha tatu, kwa kweli kufuli lao ni kufuli. Halafu nikakumbuka "toka kwenye vifaa vyote", nikarudisha moja.

Wanasema nikiikumbuka paswedi ya zamani yatafunguka, kwa hiyo sijafuta kitu. Kila usiku najaribu, herufi kubwa, herufi ndogo, na nukta mwishoni, bila nukta. Jana nilikuwa na uhakika kabisa ndo yenyewe. Siyo.