Inveta mbili za Axpert zilizofungwa sambamba: zipime zikiwa kwenye TANESCO

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo niko Chumbageni, hapa hapa Tanga mjini, kwenye banda la dada mmoja anayegandisha barafu na kuwauzia wavuvi. Ukutani mnaziona inveta mbili za familia ya Axpert, kila moja kVA 5, wati 5000, betri ya volti 48. Mashine hizi hutengenezwa na Voltronic Power ya Taiwan, na huuzwa madukani kwa majina mengi tofauti, kwa hiyo usishangae ukiikuta iliyo nyumbani kwako ina nembo nyingine lakini menyu ni ile ile.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: nina moja, mzigo umezidi, naweza kununua ya pili inayofanana nayo nikaziunganisha? Unaweza, ila masharti yapo, na lililo kubwa kuliko yote ni lile ambalo mafundi wengi hawalipimi. Tutalifikia.

Kwanza hakikisha mashine zako zimeumbwa kwa kazi hiyo. Tazama sehemu ya nyaya: lazima uone matundu ya kebo ya mawasiliano na ya kebo za kugawana mkondo. Kama hayapo, muulize muuzaji kama kuna bodi ya nyongeza ya modeli hiyo. Kama haipo, acha. Nasema acha kwa uzito wote, na sababu yake ni hii. Umeme wetu ni hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20. Inveta mbili zikitoa volti 230 kila moja, lakini moja ikachelewa milisekunde 1 tu nyuma ya mwenzake, tofauti ya umeme kati yao ni kama volti 72. Volti 72 kwenye kipande kifupi cha waya mnene ni sawa na shoti. Hazitagawana mzigo, zitapigana, na zitakazoungua ni transista za ndani.

Ndiyo maana zile kebo nyembamba zipo. Mashine moja inakuwa kiongozi, inatangaza mdundo wa wimbi, na nyingine inafuata. Kwenye skrini kiongozi anaandikwa HS, mfuasi anaandikwa SL. Kebo ikilegea utaona msimbo wa kosa, F80 au F82, na mashine inajizima kabla ya madhara. Kwenye hilo naipa Axpert alama nzuri, ulinzi wake unawahi.

Halafu neno "zinazofanana" lina maana pana kuliko rangi ya boksi. Modeli iwe moja, na programu ya ndani iwe ya toleo moja. Bonyeza vitufe vya juu na chini hadi uone U1 na namba zake, linganisha mashine zote mbili. Zikitofautiana unaweza kupata F71, na hapo dawa ni kusasisha programu, si kubadilisha nyaya. Ukinunua ya pili miaka miwili baada ya ya kwanza, hili liangalie dukani kabla hujalipa.

Sasa nyaya, na hapa naomba tutulie.

Watu wengi wanajua kwamba nyaya za betri ziwe na urefu sawa. Ni kweli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 35 una kama nusu ya miliomu kwa kila mita. Inveta ikivuta ampea 100, na betri iko mita 1.5, kwenda na kurudi unapoteza volti 0.15. Ya pili ikiwa mita 3, inapoteza volti 0.3. Ya mbali itaiona betri iko chini kuliko ilivyo, itawahi kulia na kuzima wakati mwenzake bado yupo kazini, na pengo likiwa kubwa utaona F83. Hapa zote mbili zina mita 1.5 na zinaanzia kwenye basibaa moja. Betri ni za pamoja, hairuhusiwi kila inveta kuwa na yake. Paneli ni kinyume chake: kila inveta na paneli zake, usizichanganye.

Lakini tatizo la banda hili halikuwa kwenye betri. Fundi aliyezifunga alifanya kazi safi, na mashine ziliwaka bila kosa hata moja. Dada akawa analalamika kwamba jioni, TANESCO ikiwepo, inveta ya kushoto inapiga kelele ya kuzidiwa, inazima, na sekunde chache baadaye ya kulia nayo inazima. Umeme ukikatika, zikafanya kazi kwa betri, mambo shwari kabisa. Unaona ajabu yake? Inazidiwa wakati ambapo, kwa fikra za wengi, haifanyi kazi yoyote.

Nikachukua mita ya klampu. Mzigo ulikuwa kama wati 7000, yaani ampea 30 hivi. Zikiendeshwa na betri: kushoto ampea 15, kulia 15. Nikawasha TANESCO: kushoto 19, kulia 11.

Sababu ni kwamba kwenye betri inveta ndiyo inayotengeneza umeme, kwa hiyo zile kebo za kugawana mkondo zinaiwezesha kila mashine kupandisha au kushusha kidogo mpaka zilingane. TANESCO ikiingia, mashine hufunga rilei na kuupitisha umeme moja kwa moja kwenda kwenye mzigo. Hapo hakuna kompyuta inayogawa chochote. Umeme unachagua njia nyepesi, na njia nyepesi ni waya mfupi.

Tukapima. Kutoka breka ya kuingilia hadi inveta ya kushoto ilikuwa mita 1. Ya kulia ilizunguka nguzo, mita 4. Za kutokea zote mita 2. Kwa hiyo njia ya kushoto ni jumla ya mita 3, ya kulia mita 6. Waya ni wa milimita za mraba 6, karibu miliomu 3 kwa mita, fezi na nyutro. Njia moja ina ukinzani mara mbili ya nyingine, basi kwa hesabu ya nyaya peke yake mkondo ungegawanyika 20 kwa 10. Rilei, breka na viungio vina ukinzani wao kidogo ulio karibu sawa pande zote, ndio uliopunguza pengo likawa 19 na 11. Jioni pampu na majokofu yote yakiwaka pamoja, jumla inafika ampea 39, kushoto inabeba 25. Wati 5000 ni kama ampea 22 tu. Ikizima, mzigo wote unaangukia kwa mwenzake.

Dawa ilikuwa kuurefusha ule mfupi uwe mita 4. Ndiyo, kuurefusha. Najua inauma kutumia waya usiohitajika, lakini usije ukafanya kinyume, ukadhani waya mnene sana na mfupi sana ndio ubora. Kwenye kazi hii ukinzani kidogo wa waya ndio mgawaji wako. Ukiuondoa wote, kitakachogawa mkondo ni tofauti ya skrubu moja iliyokazwa vizuri na nyingine iliyolegea, na hiyo huwezi kuipangia. Waya wa ziada tumeulaza kwa kuuzungusha ukutani, fezi na nyutro zikitembea pamoja. Tulipopima tena: 15.5 na 14.5. Mimi naridhika pengo likiwa ndani ya sehemu moja ya kumi.

Hapa kwetu pwani ongeza na chumvi. Hewa ya bahari inakula lagi na skrubu, na haili pande zote kwa kasi moja. Nyaya zinaweza kulingana leo, mwakani kiungio kimoja kimeota kijani na mgawanyo umeharibika. Kaza viungio na rudia kupima kwa klampu kila baada ya miezi kadhaa, TANESCO ikiwepo na mzigo ukiwa mkubwa. Kupima kwenye betri tu hakutakuonyesha kitu.

Mpangilio sasa, haraka. Breka zote za kwenda kwenye mzigo ziwe zimezimwa, nyutro za kutokea ziwe zimeungana. Zima swichi ya inveta, skrini ibaki inawaka kwa umeme wa TANESCO au wa paneli, kwa sababu programu 28 ya kwenye menyu haikubali kubadilishwa mashine ikiwa kazini. Ingia 28, toa SIG, yaani mashine peke yake, weka PAL, yaani sambamba. Fanya kwenye zote mbili, kisha zizime kabisa. Moja ikibaki SIG utakutana na F86. Ziwashe, subiri HS na SL zionekane. Halafu washa breka za TANESCO za mashine zote mbili kwa wakati mmoja. Ukichelewesha moja utaona F82, usiogope, zitaanza upya zenyewe. Kukiwa kimya ndipo ufungue umeme wa mzigo.

Kwenye programu 02, ya mkondo wa kuchaji, kumbuka inahesabiwa kwa kila mashine. Betri yako ikiruhusu ampea 100 za kuchaji, weka 50 huku na 50 kule.

Na kabla hujatoa pesa ya inveta ya pili, tazama betri. Wati 10,000 kwenye volti 48 ni zaidi ya ampea 200. Betri moja ya lithiamu ambayo ulinzi wake wa ndani unaishia ampea 100 itajikata mara tu mzigo ukipita nusu, na utailaumu inveta bure. Dada huyu aliongeza betri pamoja na inveta, ndiyo maana kwenye betri hakupata shida.

Je, ninunue mbili za 5 au moja ya 10? Kwa aliye na moja tayari, inayokubali kuunganishwa na toleo linalolingana, ongeza ya pili bila wasiwasi. Kwa anayeanza kutoka sifuri na hana fundi mwenye mita ya klampu anayejua kuipima kazi yake kwenye TANESCO, mimi namshauri achukue moja kubwa. Faida ya mbili ni kwamba moja ikifa, unairudisha nyingine kwenye SIG na nusu ya majokofu yanaendelea kugandisha usiku huo huo, na kwa biashara ya barafu hiyo ni faida ya kweli.