Unatoa sinki la kuchuchumaa? Angalia tundu la nyuma kabla hujanunua choo cha kukaa

Dada mmoja wa Mwanga, hapahapa Kigoma, kanitumia picha ya choo chake kipya. Kizuri kweli, ila kimeachana na ukuta zaidi ya shibiri, mlango ukifungua unakigonga, halafu ukiflashi maji yanapanda, yanagugumia, ndo yanashuka taratibu. Fundi anamwambia presha ndogo. Presha gani jamani, mbona hata akimwaga ndoo nzima ni vilevile?

Rangi na kifuniko mtachagua wenyewe, mimi nauliza tundu la kutokea liko wapi.

Namba moja kwangu ni trapu ya P, yaani tundu liko nyuma linaelekea ukutani. Nyumba zetu nyingi ni za chini na chemba iko nje, so unatoboa ukuta tu. Kwa huyu dada, kwanza avunje kile kidaraja cha sentimita 15 kilichobeba sinki la zamani, maana choo cha kimo cha 40 ukikipandisha pale kinakuwa 55, watoto watakaa miguu inaning'inia. Pili atoe trapu ya zamani iliyofukiwa chini ya sinki, yaani ile kona ya bomba inayobaki na maji ili harufu isipande. Choo cha kukaa kina trapu yake ndani, ukiziacha mbili hewa inabanwa katikati, ndo huko kugugumia. Bomba la zamani lizibwe kabisa.

Sasa kimo cha tundu, hapa ndo wengi wanaharibu. Vyoo vingi vya P katikati ya tundu ni sentimita 18 kutoka sakafu iliyokwisha, ila pima chako kabla fundi hajashika nyundo. Fundi anapima 18 kutoka kwenye zege tupu, baadaye tailizi na simenti yake zinakula 4, bomba linabaki 14 na choo hakikutani nalo. Kama tailizi bado, tundu liwe 22. Huko nje bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 na nusu kila mita, chemba ikiwa mita 2 ni sentimita 5.

Namba mbili ni trapu ya S, tundu linashuka chini. Nyingi zinataka 30 kutoka ukuta wenye tailizi, la dada lipo 55, ndo maana kimesogea mbele 25. Hapo ni kuchimba sakafu na kuhamisha bomba, sio kubahatisha.

Kwa upande wa kampuni, mimi nachagua Twyford, sijifichi.

Kiti cha plastiki cha kuweka juu ya sinki la zamani kinamfaa bibi akija wiki moja, basi.

Ila wauzaji wa huku wananikera. Ukiuliza tundu lina sentimita ngapi anakujibu "hii orijino dada", tepu hana, bei kaipandisha eti mzigo umetoka Dar, na ukikirudisha anakwambia kimeshashika simenti, wakati hata boksi hujatoa.