Begi la shule kwa mtoto wa miaka 9 hadi 11: lipi lichukuliwe kwanza, lipi liachwe

Mtoto wa umri huu ndiye anayewasumbua zaidi wanunuzi, kwa kuwa vitabu vyake vimeanza kuwa vingi ilhali mabega yake bado ni membamba. Mdogo wa miaka 5 hadi 7 hutosheka na begi la lita 10 hadi 12, na kijana wa miaka 12 au 13 huweza kubeba la lita 22 hadi 25 bila shida kubwa. Huyu wa katikati hupewa ama begi alilokwisha kulizidi, ama begi la kaka yake linalompiga matakoni kila anapopiga hatua. Mwongozo huu unamhusu yeye.

Tuanze na lita, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kibandiko haisemi yote. Chukua futi, pima urefu, upana na kina cha begi kwa sentimita, zidisha namba hizo tatu, kisha gawanya kwa 1,000. Begi lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kina cha 16 linatoa lita 19 na kidogo. Kwa kuwa mabegi mengi huwa membamba kuelekea juu, nafasi halisi hupungua kuliko hesabu hiyo, na kama mtengenezaji amejumlisha mifuko ya nje, sehemu kuu hupungua tena. Upana wa ndani nao usisahauliwe: karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu 30, hivyo begi ambalo ndani lina upana wa sentimita 22 tu litakunja pembe za madaftari makubwa hata kama lita zake zinatosha.

Sasa tuchukue mtoto mwenye uzito wa kilo 30. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba begi likiwa limejaa lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, yaani kilo 3 hadi 4.5 kwa huyu wetu. Tuseme begi tupu lina gramu 600, vitabu vitatu vya kiada vina kilo 1.2, madaftari sita gramu 900, chupa ya maji ya nusu lita gramu 600 pamoja na chupa yenyewe, chombo cha chakula gramu 400 na kikasha cha kalamu gramu 200. Jumla ni kilo 3.9. Tumekwisha kuvuka kilo 3, na nafasi iliyobaki kabla ya kufika ukomo ni gramu 600 pekee. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba begi tupu lipimwe kabla ya kununuliwa, kwa kuwa gramu 400 za ziada kwenye kitambaa na mapambo zinachukua nafasi ya kitabu kizima.

Kwa hesabu hiyo, ninaloliweka la kwanza ni begi la lita 18 hadi 20 lenye sehemu mbili, mikanda iliyopinda na zipu nene. Sehemu ya nyuma, iliyo karibu na mgongo, hubeba vitabu vizito, na ya mbele hubeba chakula na kalamu. Mzigo mzito ukikaa karibu na mgongo, mtoto hahitaji kuinama mbele ili kuusawazisha. Mikanda iwe na upana wa sentimita 5 au zaidi. Ibonye kati ya kidole gumba na cha shahada: vidole vikigusana kana kwamba hapana kitu katikati, sponji hiyo ni nyepesi na italala bapa baada ya muhula mmoja. Mkanda uliopinda huzunguka kwapa bila kukata, lakini ulionyooka hukwaruza upande wa shingo. Mvishe mtoto begi likiwa na vitabu ndani, kisha mtazame kwa nyuma: mikanda ikianzia mbali mno kutoka katikati, itateleza mabegani, naye atakuwa akiipandisha njia nzima. Kitako cha begi kisishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya kiuno.

Zipu inastahili dakika zako nyingi zaidi, maana begi hufa kwa zipu kabla ya kitambaa kuchakaa. Geuza kichwa cha zipu utazame nyuma yake. Mara nyingi pana namba iliyochongwa, ambayo kwa kadiri inaonyesha upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Namba 3 ni ya mfuko wa kalamu. Namba 5 inavumilika kwenye mfuko wa mbele, na kwa sehemu kuu ningetaka namba 8. Kisha tazama pembe: zipu inayokata kona kali huvutwa kwa ubavu kila begi linapojaa, na kichwa chake hupanuka polepole hadi kinashindwa kuyabana meno. Begi la binti yangu liliharibika hivyo hivyo katika mwezi wa tatu. Kichwa kilipita vizuri, na nyuma yake meno yalibaki wazi kama hayakuguswa. Nilikibana kwa koleo pande zote mbili, kikafanya kazi kwa wiki mbili tu. Dukani, jaza begi kwa sweta, ufunge kwa mkono mmoja, uvute kitambaa kwa ubavu penye kona. Meno yakifunguka hapo, liache.

La pili ni begi la lita 14 hadi 16 lenye sehemu moja. Ni jepesi, na linamfaa mtoto anayeacha vitabu shuleni, ila likijazwa kupita kiasi zipu yake ndiyo inayolipa.

La tatu ni la lita 25, linalonunuliwa ili mtoto akue nalo. Nalielewa wazo hilo, lakini nafasi tupu huvutia mzigo, na mgongo wa begi huwa mrefu kuliko wa mtoto. Likinunuliwa kwa lazima, liwe na kamba ya kifuani ya kuunganisha mikanda, na vitabu vifungwe karibu na mgongo ili visicheze.

La nne ni begi la magurudumu. Likiwa tupu, fremu na mpini wake mara nyingi hulifanya liwe zito mara mbili au tatu ya begi la kawaida, na penye ngazi au matope mtoto hulibeba lote mkononi, upande mmoja. Linafaa tu pale ambapo njia yote ni tambarare na kavu.

La mwisho ni lile jembamba lenye picha kubwa mbele, ambalo ndilo mtoto atakalolichagua. Fungua ndani utazame shina la mkanda, pale unapoingia kwenye mshono wa juu. Kama pana mstari mmoja tu wa uzi, bila kurudiwa na bila kiraka cha kuimarisha, mkanda utang'oka. Kama mtoto hawezi kuiacha picha hiyo, mnunulie begi la kwanza na umshonee picha kwenye mfuko wa mbele, mbali na zipu, ili nyuzi za pambo zisiingie kwenye meno.