Taa ya sola ya rimoti kutoka Mwanjelwa: wati 200 za boksi, wati 9 za kweli

Taa ni nzuri, boksi lake ndilo lenye uongo. Nimeifunga ukuta wa nyuma hapa Uyole tangu mvua zilipokatika, na inawaka mpaka karibu na alfajiri. Niliinunua Mwanjelwa kwa shilingi 45,000. Muuzaji alinihakikishia, "Kaka, hii ni wati 200." Sasa paneli yake inalingana na karatasi ya A4. Jua kali la saa sita mchana huliangazia eneo dogo kama hilo kwa wati 60 hivi, na seli za kawaida za silikoni hugeuza takribani sehemu ya sita tu kuwa umeme. Hata zingenasa mwanga wote, 200 zingetoka wapi?

Nikatoa multimita. Paneli ina seli 12 zilizoungwa mfululizo, nayo ilisoma volti 7.2 bila mzigo, yaani 0.6 kwa kila seli. Nilipounga nyaya zake mbili kupitia upande wa ampea, nikapata 1.6. Usizidishe namba hizo ukashangilia, kwa sababu paneli haitoi volti zake zote na ampea zake zote kwa pamoja. Ukipunguza robo zinabaki wati 9 hivi, na hizo zinaitosha kabisa betri ya ndani.

Ila kilichonifanya niipende taa hii ni kwamba kifaa kilekile kimetumika ndani yake mara tatu. Paneli, taa za LED na kile kijicho cheusi cha rimoti, vyote ni makutano ya semikondakta ya P na N, yaani mahali zinapokutana tabaka mbili: N yenye elektroni za ziada, na P yenye matundu, nafasi zilizokosa elektroni. Mwanga ukiyapiga makutano hayo, elektroni zinang'oka, na uga wa umeme uliopo hapo unazisukuma upande wa N. Mkondo huo ukiuachia uende kwenye betri, umepata seli ya sola. Ukiingiza umeme kutoka nje kwa upande unaopitisha, elektroni zinarudi kwenye matundu yake na kuachia nishati kama mwanga, na hiyo ndiyo LED. Ukiweka volti za kinyume, mlango unafungwa, unabaki mkondo mdogo tu unaopanda na kushuka kufuatana na mwanga. Hapo kifaa kimekuwa fotodiodi. Volti hizo za kinyume pia zinapanua eneo la makutano na kukifanya kiwe chepesi kuitikia. Rimoti nyingi hupepesa mwanga wake mara 38,000 kwa sekunde, kwa hiyo wepesi huo unahitajika.

Ukiona nakutania, chukua LED nyekundu ya redio mbovu, iunge na multimita kwenye volti, kisha ielekeze juani. Yangu ilisoma karibu volti 1.5, zaidi ya mara mbili ya seli moja ya silikoni. Lakini usitarajie ichaji simu. Kipande chake ni kidogo kuliko punje ya ulezi, mkondo wake ni wa kuhesabu kwa sehemu za milioni za ampea.

Kinyume chake pia ni kweli: paneli ukiisukumia umeme gizani, nayo hutoa mwanga. Silikoni hutoa kidogo sana, tena wa infraredi ambao jicho halioni, sehemu kubwa ya nishati ikiishia kuwa joto. Ndiyo maana hakuna anayetengeneza balbu za silikoni. Viwandani, hata hivyo, paneli hupigwa picha hivyo kwa kamera maalumu, na seli yenye ufa huonekana na sehemu nyeusi.

Kuna mawili ya kuangalia kabla ya kufunga. Taa hii haina kihisi cha giza cha pembeni. Paneli yenyewe ndiyo inayoiambia kwamba jua limezama, volti zake zinaposhuka. Mwanzoni yangu ilikuwa inagoma kuwaka jioni, kumbe taa ya geti la jirani ilikuwa inaimulika paneli. Ili kujua kama ndilo tatizo, ifunike paneli kwa kitenge. Taa ikiwaka, haina ubovu, hamisha paneli.

La pili ni rimoti. Jua la jioni likikipiga kijicho moja kwa moja, rimoti haisikiki mpaka uisogelee taa, kwa kuwa jua lenyewe limejaa infraredi na mkondo wa fotodiodi unafurika. Kabla hujanunua betri nyingine, bonyeza rimoti mbele ya kamera ya simu. Ukiona nukta ya zambarau kwenye kioo, rimoti ni nzima. Kamera nyingine za nyuma huchuja infraredi, basi jaribu ile ya mbele.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena. Ila wati 200 mwambie muuzaji azipunguze kwenye bei.