Herufi nne kwa elfu kumi na tano? Nikaenda Photopea

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kwaya. Majuzi tulitengenezewa bango la tamasha na kijana mmoja wa steshenari kwa shilingi 30,000, na kwa kweli lilipendeza. Baadaye ukumbi ukatuhamisha kutoka Jumamosi tarehe 14 kwenda Jumapili tarehe 15. Nikampigia: "Mdogo wangu, nibadilishie siku tu." Akanijibu, huku nasikia anatafuna kitu, "Dada, hiyo kazi upya. Elfu kumi na tano." Nikamwomba faili lenyewe la kazi, lile la PSD, nijibadilishie. Akacheka! "Dada yangu, faili hatutoagi. Na hata nikikupa utalifungulia wapi?"

Hicho kicheko ndicho kilichonikesheza.

Kompyuta ya ofisini kwetu ni ya zamani, na kuweka programu kunadai nywila ambayo aliyekuwa nayo alishahama. Ila Chrome ipo. Nikafungua photopea.com, tovuti ya kuhariri picha ndani ya kivinjari, nikalikokota bango la JPG nililotumiwa WhatsApp hadi kwenye ukurasa, likafunguka papo hapo. Photopea hailipiwi, na picha yako haipandishwi kwenye mtandao wa watu, kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Matangazo yapo pembeni, unayazoea. Mpaka hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tano.

Nikabofya ile T ya kuandikia, nikabofya juu ya JUMAMOSI. Ikaanza kuandika maneno mapya juu ya yale ya zamani, kama mtu anayepaka chaki juu ya chaki. Nikaanza kuitukana Photopea, kumbe kosa si lake. Kwenye PSD maneno yanakaa kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake, na leya hiyo ina alama ya T. Ukiibofya mara mbili unafuta na kuandika upya, kazi imeisha. JPG haina maneno. Ina nukta za rangi tu, na kwenye orodha ya leya utaona moja peke yake, `Background`. Ndiyo maana yule kijana alicheka. Hasira ikapanda upya.

Basi nikafunika. Nyuma ya maneno kuna rangi ya damu ya mzee juu, inayokolea taratibu mpaka nyeusi chini. Jaribio la kwanza nilichovya rangi moja nikapaka na brashi: kiraka kitupu, kama shati la shule lililoshonewa kitambaa cha pazia. Dawa niliyoigundua baada ya kuhangaika ni hii. Rangi ile inabadilika ukishuka, lakini ukienda kushoto na kulia ni ileile. Kwa hiyo nilichora kwa `M`, kile kisanduku cha kuchagulia, kipande chembamba cha sehemu tupu pembeni ya bango, usawa uleule wa JUMAMOSI, kirefu kupita herufi kidogo juu na chini, maana JPG huacha vumbi kuzunguka herufi. Nikabonyeza `Ctrl+J` kikawa leya mpya. Halafu nikakivuta ukingo wake wa pembeni mpaka kikafunika neno zima. Kuvuta huko ni `Ctrl+Alt+T`, si `Ctrl+T`, kwa sababu `Ctrl+T` kwenye kivinjari inakufungulia ukurasa mwingine. Nilifungua kurasa sita kabla ya kuelewa.

JUMAMOSI ikapotea kama haijawahi kuwepo. Hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Kisha fonti. Nilijaribu zaidi ya ishirini kati ya zile zilizomo, kila moja inafanana na kila moja si yenyewe. Hii ina M iliyokaa miguu wazi, ile J yake imening'inia. Na hata ile iliyokaribia ilikuwa kali mno, herufi zinang'aa kama zimekatwa kwa wembe kati ya wenzake waliofifishwa na WhatsApp. Mtoto angejua.

Nikaona umeme umekatika.

Saa nzima ya kazi, kwaheri. Na hili siwezi kumlaumu mtu, sikuwa nimehifadhi hata mara moja kwa `File > Save as PSD`. Kivinjari hakikukumbuka chochote. Nikalala na viatu.

Kesho yake, nimekaa naliangalia bango, ndipo nikaona. JUMAMOSI na JUMAPILI zote zinaanza na JUMA. Nahitaji P, I, L, I tu, na bango limejaa herufi! P ipo kwenye PAMOJA. L ipo kwenye KIINGILIO, ambayo yule kijana aliiandika kubwa kuliko jina la kwaya, sijui nani alimtuma. I ninayo mwishoni mwa neno lenyewe, naitumia mara mbili. Hata 5 ya tarehe 15 ipo pale kwenye 5,000/=. Nisitafute fonti ya nini?

Nikarudia kiraka. Safari hii kwanza niliinakili JUMA na ile I, kila moja leya yake, ndipo nikafunika neno lote na ile 4 ya tarehe 14. P, L na 5 nikazikata na kisanduku. Tatizo ni kwamba zinakuja na mandhari yake, na kwa kuwa zimetoka chini ya bango, mandhari yake ni nyeusi zaidi: visanduku vyeusi juu ya rangi ya damu ya mzee. Kwenye orodha ya leya, pale palipoandikwa `Normal`, nikachagua `Lighten`. Visanduku vikayeyuka. `Lighten` inabakiza kilicho cheupe zaidi kati ya juu na chini, na herufi zangu ni nyeupe. Ingekuwa nimezitoa juu, kwenye rangi iliyo wazi zaidi, visanduku vingeonekana. Zingekuwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, ungetumia `Darken`.

L na 5 nilizipunguza kidogo zilingane, kupunguza hakuumizi kama kukuza. Lililobaki ni nafasi. M na O ni mabonge, I na L ni vijiti, kwa hiyo JUMAPILI ilitoka fupi na kuegemea kushoto. Nikazichagua leya zote za neno hilo nikazisogeza kulia mpaka zikakaa katikati. Nikahifadhi PSD, mara tatu, kwa hofu. Halafu `File > Export as > JPG`.

Nyota tano basi? Sijui. Ukiwa na PSD, hata dakika tano huzimalizi. Ukiwa na JPG, mimi imenila jioni moja na asubuhi yote, na ukinihesabia muda wangu ile elfu kumi na tano ilikuwa halali. Sitaki kulisema hili lakini nimeshalisema. Na kama mandhari ingekuwa nyuso za wanakwaya badala ya rangi tupu, ningelipa.

Kwa WhatsApp bango lilikubalika, hakuna aliyegundua. Ila mwenyekiti akataka nakala kumi za A3 za kubandika, na picha yangu ilikuwa na nukta 1131 kwa 1600, wakati A3 safi inataka kama 3508 kwa 4961. Na printa ya A3 mtaani kwetu ni moja tu. Mnajua ya nani.

Akaifungua, akaivuta karibu, akaweka ukucha kwenye skrini.

"Dada, hii L si ya kiingilio?"

Nikamwambia achapishe tu.