Miezi 6 na ripoti ya ABC kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Bidhaa zilizoandikwa kwenye mfumo wangu wa mauzo ni 412, kuanzia saruji na nondo hadi skrubu za kitasa. Kwa miaka mingi nilikuwa nahesabu mzigo mara moja kwa mwezi, duka zima, tukifunga mapema Jumapili na kumaliza usiku tukiwa hoi. Na bado kila wiki kitu fulani kilikuwa kinakwisha bila mimi kujua. Miezi 6 iliyopita niligundua kwamba mfumo huu ninaoulipia kila mwezi una ripoti inayoitwa ABC, inajitengeneza yenyewe kutokana na risiti, na sikuwahi kuifungua hata siku moja.

Inachofanya ni hiki. Inachukua mauzo ya kila bidhaa kwa muda uliouchagua, idadi mara bei, inazipanga kutoka yenye fedha nyingi hadi yenye fedha kidogo, halafu inajumlisha kwenda chini. Jumla ikifika asilimia 80 ya mauzo yote, bidhaa zilizojumlishwa kufikia hapo ni kundi A. Zinazoendelea hadi asilimia 95 ni B. Zilizobaki ni C. Namba hizo mbili unaweza kuzibadilisha kwenye mipangilio; ni mazoea tu. Njia yenyewe ni ya zamani, H. Ford Dickie wa General Electric aliandika kuihusu tangu 1951.

Kabla ya kuiamini niliipakua kwenye Excel nikaikagua. Mauzo yakiwa safu ya C, yamepangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, fomula ni hii, unaiburuta hadi chini:

```
=SUM(C$2:C2)/SUM(C$2:C$413)
```

Ikalingana. Kwa siku 90, mauzo yalikuwa shilingi milioni 96. Kundi A lilikuwa na bidhaa 38 tu. B zilikuwa 87, C zilikuwa 287. Saruji peke yake, mifuko 1,800 kwa 16,500, ilikuwa milioni 29.7, karibu asilimia 31 ya mauzo yote. Nilijua saruji inatembea, lakini sikujua kwamba bidhaa 287, ambazo tulikuwa tukizihesabu usiku kucha, zote kwa pamoja hazifiki hata milioni 5.

Tangu hapo A tunazihesabu kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua, B mara moja kwa mwezi, C kila baada ya miezi mitatu. Bidhaa 38 watu wawili wanazimaliza kwa dakika arobaini. Jumatatu ya tatu tulikuta mifuko ya saruji 143 wakati mfumo unasema 150. Zamani upungufu wa mifuko 7 ungeonekana mwisho wa mwezi, na hapo nani atakumbuka? Safari hii ulikuwa wa wiki moja, kwa hiyo kijana wangu wa dukani alikumbuka vizuri: mifuko iliyopasuka wakati wa kushusha, aliifungua akawauzia watu kwa kilo. Fedha ziliingia kama "saruji ya kupima", lakini mifuko yenyewe haikutolewa kwenye hesabu. Hakukuwa na wizi wowote. Sasa mfuko ukipasuka unahamishwa kwenye mfumo siku hiyohiyo.

Hata kuagiza kumebadilika. Saruji inauzwa mifuko 20 kwa siku na gari huchukua siku 3 kufika, hivyo naagiza ikibaki mifuko 100: 60 ya kunivusha siku hizo 3, na 40 ya akiba gari likichelewa. Hesabu hiyo nimeifanya kwa bidhaa zote 38. Kwa zile 412 nisingeiweza kamwe.

Sasa niseme iliponiangusha, maana hapa ndipo mtu anaweza kupata hasara akiifuata kama ilivyo.

Bomba la PVC la inchi 4 lilitokea kundi B, na nilitaka kupunguza oda. Lilikuwa limeuzwa vipande 16 kwa 20,000, yaani 320,000 kwa siku 90. Lakini nilipofungua historia ya stoo nikaona kwamba kwa siku 50 kati ya hizo 90 hatukuwa nalo kabisa, aliyekuwa akituletea alikwama. Vipande 16 viliuzwa kwa siku 40. Ukigawa kwa siku 40 badala ya 90, ni kama vipande 36 kwa siku 90, sawa na 720,000, na mstari wa A ulikuwa unaishia karibu na 400,000. Kwa hiyo bomba lile lilikuwa A, lakini kwa kuwa tuliliacha likaisha, ripoti ikaliona dogo. Ningepunguza oda lingeisha tena, na mara inayofuata lingeshuka hadi C. Ripoti inahesabu kilichouzwa, haihesabu mteja aliyekuja akakosa. Siku hizi kabla ya kukubali kwamba kitu kimeshuka daraja, naangalia kwanza kama kilikuwepo rafuni.

Kosa la pili lilikuwa letu. Rangi nyeupe ya ndoo iliandikwa mara mbili, mmoja ameandika "Rangi nyeupe ndoo", mwingine "Ndoo rangi nyeupe". Kila jina lilikuwa na mauzo ya kama 250,000, yote mawili yakakaa B. Nilipoyaunganisha, rangi ikapanda A. Ukiona kitu unachokiuza kila siku hakipo juu, tafuta jina lake la pili.

La tatu ni tepu nyeupe ya kufungia bomba. Inauzwa 500, iko mwisho kabisa wa C, na kwa kuwa C haihesabiwi mara kwa mara, iliisha bila mtu kujua. Akaja fundi bomba ambaye ni mteja wetu wa siku nyingi, ameshachagua koki 4, viungio na bomba, vyote viko kaunta. Akauliza tepu, nikamwambia imeisha.

"Mama, basi acha tu vyote. Huko nitakakopata tepu nitachukua na hivi."

Akaondoka, akaviacha kaunta. Tepu ya 500 ilibeba mauzo ya zaidi ya 80,000. Nimeweka alama kwenye bidhaa 11 za namna hiyo, gundi ya PVC na misumari ya bati zikiwemo, ili zihesabiwe pamoja na A hata kama fedha zake ni ndogo. Mfumo unaruhusu kulazimisha daraja kwa mkono, na kwangu hicho ni kipengele chenye thamani kuliko hata michoro ya rangi.

Jambo jingine: mwanzoni ripoti huja ikiwa imewekwa siku 30. Kwa vifaa vya ujenzi ni fupi mno, mteja mmoja akipaua nyumba kubwa, mabati ya rangi fulani yanaruka hadi A, mwezi unaofuata hayapo. Nimeweka siku 90, naifungua upya kila mwanzo wa mwezi. Na ukumbuke inapanga kwa mauzo. Saruji inaniachia faida ya 500 tu kwa mfuko, lakini naichunga sana kwa sababu fedha nyingi zimelala pale. Nikitaka kujua faida inatoka wapi, nabadilisha kipimo kiwe faida, na orodha inakuja tofauti.

Naipa nyota 4. Ya tano naizuia kwa sababu ya lile bomba: mfumo unajua siku ambazo stoo ilisoma sifuri, na bado kwenye ripoti haziondoi. Nimewaandikia waliouuza waongeze safu moja tu, siku ambazo bidhaa ilikuwepo, kando ya mauzo. Kwa sasa naijaza mwenyewe kwa kalamu, kwa bidhaa 20 za juu kabisa za B.