Ukisafiri kupiga picha za machweo kutoka kilele cha mlima, ubebe droni ya gramu 249 au ya kilo moja?

Karibu na ikweta jua hushuka kama nyuzi 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu huanza likiwa takriban nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo una dakika 24 hivi kabla halijazama.

Droni kubwa hustahimili upepo vizuri zaidi na kamera yake hunasa mwanga hafifu bila chengachenga nyingi. Lakini ikiwa na betri tatu, mkoba unakuelemea kabla hujafika kileleni. Ndogo huyumba upepo ukivuma. Ukiona inainama sana huku haisogei, ishushe.

Kwenye vibali, nchi nyingi huilegezea masharti droni iliyo chini ya gramu 250, ila si zote: kwingine forodha huizuia kwenye uwanja wa ndege hata iwe ndogo. Omba kibali kabla ya kukata tiketi.

Mimi nachagua ndogo. Betri moja, ukitua ikibaki asilimia 25, hutosha karibu machweo yote. Ya pili ni ya alfajiri. Zote mbili hupanda ndege kwenye mkoba wa mkononi, na huchajiwa usiku uleule.